Mahali palipojificha ndani ya picha: maelekezo kwa wanaoanza kazi za vijijini

Ninyi mnaoanza kukusanya taarifa za wakulima katika vijiji vya Chamwino na Bahi mtapiga picha nyingi kwa simu, na baadhi yake zitawekwa mtandaoni. Kabla hamjafika huko, naomba mlifahamu kosa nililolifanya katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi.

Mama mmoja mkulima wa zabibu alikubali tutumie picha yake kwa sharti kwamba asitambulike. Nilipiga mikono yake tu ikichambua vichala juu ya turubai, jina nikaliacha, na nikaamini nimetimiza ahadi. Hata hivyo, simu yangu ilikuwa imeruhusiwa kuandika mahali pa kila picha, kwa hiyo ndani ya faili mlikuwemo vipimo vya latitudo na longitudo vya ua wa nyumba yake. Mwenzangu wa ofisini alivinakili kwenye ramani, na alama ikasimama karibu kabisa na mlango wa yule mama. Niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimempa neno langu.

Taarifa hizo huitwa EXIF, na kamera huziandika pamoja na tarehe, saa na aina ya simu. Kwenye kompyuta ya Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Properties kisha Details, na uteremke hadi sehemu ya GPS. Mimi napendelea programu ya bure iitwayo ExifTool, kwa kuwa huonyesha mengi zaidi ukiandika amri hii kwenye dirisha la amri la kompyuta, ukiwa ndani ya folda yenye picha:

```
exiftool "-gps*" picha.jpg
```

Tuseme umepiga picha katikati ya jiji la Dodoma, nayo ikaleta mistari hii miongoni mwa mingine:

```
GPS Latitude  : 6 deg 10' 30.00" S
GPS Longitude : 35 deg 44' 45.00" E
```

Ili kupata namba ya desimali, gawanya dakika kwa 60 na sekunde kwa 3600, kisha jumlisha na nyuzi. Utapata 6.175 na 35.7458. Herufi S maana yake ni kusini mwa ikweta, hivyo namba ya kwanza lazima itanguliwe na alama ya kutoa: -6.175, 35.7458. Wageni wengi huisahau alama hiyo, ramani ikawapeleka kusini-magharibi mwa Ethiopia, nao wakadhani taarifa ni mbovu na haziwezi kumdhuru mtu. Si mbovu hata kidogo. Sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31 ardhini, na simu huandika hata sehemu ndogo za sekunde, ingawa usahihi wenyewe hutegemea jinsi simu ilivyopata mawimbi ya setilaiti.

Kuondoa ni amri moja:

```
exiftool -gps:all= picha.jpg
```

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Programu hii haifuti faili la awali, bali hulibadilisha jina likawa picha.jpg_original na kuliacha kwenye folda ileile, likiwa na mahali pote kama palivyokuwa. Mimi nilituma folda nzima. Tangu siku hiyo, picha za kutoa nje nazinakili kwanza kwenye folda yake, naongeza -overwrite_original katika amri ili nakala ya awali isibaki humo, kisha narudia amri ya kukagua kwa kila faili. Ikiwa mistari ya GPS bado inaonekana, natumia -all= badala ya -gps:all=, nikijua kwamba hiyo hufuta pia taarifa ya mkao wa picha, na picha iliyopigwa simu ikiwa wima inaweza kutokea imelala.

Nakala yenye mahali msiifute ofisini, kwa maana msimamizi huihitaji kuthibitisha kwamba shamba lilitembelewa kweli. Itunzwe kwenye folda yenye nenosiri.

Mtasikia watu wakisema WhatsApp huondoa mahali yenyewe. Ni kweli ukituma kama picha ya kawaida, kwa sababu huibana upya. Ukiituma kupitia Document, kama tunavyofanya ili isipoteze ubora, faili hufika lilivyo, na mahali pamo ndani. Aliyekwisha kulipokea hutaweza kumwondolea, hata ukisafisha nakala yako baadaye. Kwa hiyo ukaguzi hufanyika kabla ya kutuma, na ndivyo picha ya yule mama ilivyotoka hatimaye: mikono, vichala na turubai, bila mstari hata mmoja wa GPS.