Transfoma Ikishazimwa, Koili Haikusubiri

Msomaji mmoja amenitumia vipimo vya jaribio la kupanda kwa joto la transfoma ya mafuta yenye koili za shaba, akiniuliza kama imefaulu. Nilifurahi kuulizwa, kwa sababu suala hili niliwahi kulibishania mbele ya mhandisi aliyenizidi cheo, nikaambiwa kwamba napoteza muda wa watu.

Kabla ya jaribio, transfoma ikiwa imepumzika hadi joto la koili na la mafuta likalingana, ukinzani ulikuwa omu 0.500 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Kisha upande mmoja uliunganishwa shoti, ikapewa umeme wa kutosha kuzalisha upotevu wote wa nguvu mpaka joto la mafuta likatulia, na saa ya mwisho ikapitishwa kwa mkondo wake kamili. Baada ya kuzimwa, ukinzani ulisomwa 0.612 katika dakika ya 2, 0.604 katika dakika ya 4, na 0.598 katika dakika ya 6. Hewa iliyoizunguka ilikuwa nyuzi 23.

Kanuni ya shaba ni hii, ambapo R1 na T1 ni ukinzani na joto la koili kabla ya jaribio, na R2 na T2 ni vya wakati wa kuzima (kwa alumini, 225 huchukua nafasi ya 235):

```
T2 = (R2 / R1) × (235 + T1) − 235
```

Msomaji alitumia 0.612, akapata nyuzi 83.2, yaani ongezeko la 60.2 juu ya joto la hewa, chini ya kikomo cha 65 cha kiwango cha kimataifa cha IEC 60076-2. Lakini R2 inayotakiwa ni ya sekunde ile ile ya kuzima, na hakuna anayeweza kuisoma, kwa kuwa mkondo wa kupimia huchelewa kutulia ndani ya koili, na usomaji wa mapema kabisa hauaminiki.

Ndiyo maana tunachora mstari na kurudi nyuma hadi dakika sifuri. Ukiunganisha nukta mbili za kwanza kwa rula utapata 0.620, ambayo ni nyuzi 87.4, ongezeko la 64.4, na transfoma itapita kwa shida. Tazama, hata hivyo, kwamba ukinzani ulishuka kwa 0.008, kisha kwa 0.006: koili hupoa kwa kasi mwanzoni na kupunguza kasi inapokaribia joto la mafuta. Kila hatua ni robo tatu ya ile iliyotangulia, hivyo hatua ya kabla yake ilikuwa takribani 0.0107, na R2 ni 0.6227. Hapo T2 ni nyuzi 88.8, na ongezeko ni 65.8.

Haikufaulu, ndugu yangu, na marekebisho ya mafuta yaliyopoa katika saa ile ya mwisho yataongeza jibu hilo, hayatalipunguza. Kabla hujaikataa, hakiki ile 25 ya mwanzo, kwani ikiwa koili ilikuwa kweli kwenye 24, T2 hushuka kwa takribani nyuzi 1.2, na ongezeko, kabla ya marekebisho hayo, hurudi chini ya 65. Nukta tatu pia ni chache mno. Endelea kusoma ukinzani mpaka mkunjo uonekane wazi.