Tangazo la tangi na chujio msimu wa kaskazi

"Nauza matangi na machujio hapa Kongowea. Mifereji imekauka, niandike tangazo gani bila kudanganya watu?"

Ndugu, watajie siku, si lita tu. Watu 5 wakitumia kila mmoja mitungi 2 ya lita 20, ni lita 200 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 1,000 litawavusha siku 5. Ongeza kwamba lijazwe mfereji ukitoka, maana tangi halizalishi maji.

Kwenye chujio ndipo wengi huharibu. Visima vingi vya hapa vina chumvi, na chujio la kauri huzuia tope na bakteria tu. Mteja akionja chai bado ina chumvi, atakurudishia. Andika wazi: "Chujio hili haliondoi chumvi." Anayetaka itoke anahitaji mashine ya osmosisi ya kinyume, nayo humwaga sehemu ya maji.