Jibu: kinyume cha f(x) = x² − 6x + 5

"Mwalimu kaandika kinyume hakipo mpaka tukate kikoa, mimi nimepata 3 ± √(x+4), kosa ni nini?"

Habari ndugu, mimi nafundisha S5 huku Mbale na hii naikuta kila mwaka. Kosa ni hiyo ± yenyewe. Weka x = 1 unapata 0, weka x = 5 unapata 0 tena, sasa nikikupa 0 nikuambie rudi ulikotoka, utarudi 1 ama 5? Fanksheni inatakiwa itoe jibu moja tu. Na kila polinomia ya digrii shufwa iko hivyo, ncha zote mbili za grafu zinaenda upande mmoja, zote juu ama zote chini, kwa hiyo lazima kuna urefu unaopitiwa mara mbili.

Pa kukata sasa. Wengi wanakata kwenye 0 kwa sababu wamezoea x², lakini hapa ukisema x ≥ 0 bado 1 na 5 wote wamo ndani, hujafanya kitu. Kamilisha mraba kwanza: (x − 3)² − 4, grafu inageukia kwenye 3, kata hapo. Ukichukua x ≥ 3 unabaki na 3 + √(x+4), x ≥ −4. Jaribu: f(7) = 12, na 3 + √16 = 7, imerudi. Ukichukua x ≤ 3 basi ni ya kutoa, f(−1) pia ni 12 na 3 − 4 = −1.

Kwenye mtihani andika kikoa pembeni ya jibu, usiiache hiyo ± ikining'inia.