Muda wa tangi kuisha maji kupitia tundu dogo

"Nimegawanya ujazo wa tangi kwa mtiririko wa tunduni, nikapata dakika 12. Mbona kipimo kinakataa?"

Ndugu, umechukua kasi ya mwanzo ukaifanya ya kudumu. Kasi ni √(2gh), na kina h kinapopungua, nayo inapungua. Kwa hiyo andika mizania ya maji kwa kila kitambo kidogo:

A·dh/dt = −a·√(2gh)

A ni eneo la tangi, a ni la tundu. Peleka √h upande wa dh, fanya uunganishaji kutoka h hadi 0, utapata:

t = (A/a)·√(2h/g)

Hiyo ni mara mbili kamili ya jibu lako, mradi kuta zimesimama wima. Tuseme A ni mita 1 ya mraba, kina mita 1, tundu la kipenyo cha sentimita 2: inakuja sekunde 1437, yaani dakika 24. Bado! Tundu lenye kingo kali hubana mkondo, basi gawanya kwa 0.62, zinakuwa kama dakika 39. Pima pia nusu ya kina: kifikiwe karibu dakika ya 11. Matone ya mwisho yasikusumbue, kwani kina kikikaribia kipenyo cha tundu kanuni hii haishiki tena.