Ukipewa rasimu ya wosia ukague, kazi yako ni kuuliza, siyo kurekebisha

Kazi yangu ni kupitia nyaraka kabla hazijasainiwa, yaani mikataba, viapo, na mara nyingi tu wosia. Watu wengi wakipewa rasimu ya wosia wa baba au shangazi waisome wanakimbilia kusahihisha tahajia na kunyoosha sentensi, afu wanarudisha wanasema iko poa. Sasa shida ni kwamba mkataba ukiwa na utata wahusika wapo, watakaa waulizane, lakini wosia unaanza kazi siku mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa. Kwa hiyo kila swali ambalo hukuuliza leo litajibiwa na watu wengine, na kila mmoja atalijibu kwa upande wake.

Mi rasimu naisoma mara tatu na kila mara nina jicho moja tu. Ya kwanza majina peke yake, ya pili mafungu, ya tatu mali. Ukisoma vyote kwa pamoja unaanza kufuata hadithi, akili inajaza yenyewe palipo na pengo na huoni kitu. Nachukua karatasi ya pembeni, kila jina nalinakili vilevile lilivyoandikwa pamoja na namba ya kifungu, hata kama limetokea mara nane naliandika mara nane. Inachosha, lakini ndo inayofanya kazi.

Nichukue kesi moja, nimebadilisha majina na baadhi ya mambo ili familia isijulikane. Mzee mmoja aliandika wosia wake kwa mkono, mpwa wake wa kike akautaipu kwenye kompyuta, na kabla haujaenda kwa wakili niliombwa niupitie. Vifungu kumi na kitu hivi, kurasa chache, ukisoma haraka unaona umekaa vizuri kabisa.

Majina kwanza. Kifungu cha 2 kinamtaja Salim Omari kuwa mtekelezaji wa wosia, cha 5 kinasema "mwanangu Salim" apewe gari, cha 9 kinasema Salum Omari apewe vifaa vyote vya karakana. Nani asingesema hilo ni kosa la kutaipu? Herufi moja tu, i imekuwa u, ukiwa na haraka unabonyeza kibonye cha kutafuta na kubadilisha, wote wanakuwa Salim na unaendelea na safari. Niliweka alama nikauliza. Kumbe Salum yupo, ni mtoto wa marehemu kaka yake mzee, ndo amekuwa akifanya naye kazi karakana miaka yote na vifaa vilikuwa vyake kweli. Yaani ile herufi ilikuwa urithi wa mtu. Tangu zamani msimamo wangu ni kwamba jina la mtu kwenye wosia haliguswi hata likionekana limekosewa waziwazi, unaomba nakala ya kitambulisho au unaomba mzee mwenyewe alitaje lote, jina kamili na uhusiano, na kama mtu anajulikana kwa jina lingine mtaani basi yote mawili yaandikwe.

Sasa mafungu, hapa ndo pananoga. Kifungu cha 6 kilihusu pesa za benki, mke asilimia 40, Salim 20, binti yake Zuhura 20, na kijana wa mwisho, tumwite Hamisi, 10. Jumlisha, ni 90. Afu mwanzoni mwa wosia, kifungu cha 3, kuna sentensi inasema "watoto wangu wagawane sawa." Unaona mtego ulivyokaa? Ukimpa Hamisi 20 badala ya 10, watoto wanakuwa sawa kama kifungu cha 3 kinavyotaka, na jumla inakuwa 100 kamili. Badiliko moja linatibu matatizo mawili kwa mpigo, yaani hesabu yenyewe inakukonyeza. Na mtoto mkubwa ambaye ndiye alileta bahasha alisema hivohivo, we weka ishirini tu, mzee ndo anavyotaka.

Sikuweka. Jibu linalofanya hesabu ikae sawa siyo lazima liwe ndilo mzee alilokusudia, na mtu aliyeleta bahasha, hata awe na nia njema kiasi gani, siyo mwenye wosia. Akiwa pia ni mrithi ndo kabisa, maana kesho wenzake wakisikia kwamba namba ilibadilika kwa kauli yake wosia mzima unaanza kunuka.

Kwa hiyo niliandika swali kwenye karatasi ya maswali, siyo juu ya rasimu, na namna ya kuliandika ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukiuliza "nadhani ulimaanisha Hamisi apate 20, sivyo?" umeshamjibia, mzee amechoka, anakuheshimu kwa sababu we ndo msomi, atasema ndio. Nilichoandika kilikuwa karibu na hivi:

"Kifungu cha 6, pesa za benki. Mafungu yaliyotajwa ni 40, 20, 20 na 10, jumla 90. Asilimia 10 iliyobaki haijatajwa iende wapi. Ungependa iweje?"

"Kifungu cha 3 kinasema watoto wagawane sawa. Kifungu cha 6 kina 20, 20 na 10. Usawa wa kifungu cha 3 unahusu mali gani?"

Basi. Unanukuu kilichoandikwa, unasema unachokiona, unauliza swali lililo wazi afu unaacha nafasi ya jibu. Hutoi maoni kama ni haki au siyo haki. Nikaomba maswali asomewe mzee akiwa na mtu wa wakili peke yao, bila watoto chumbani.

Majibu yalikuja hivi. Hamisi ni 10 kweli, hakuna kosa, kwa sababu alishapewa kiwanja baba yake akiwa hai. Ile 10 nyingine ni ya dada yake mzee, ilikuwepo kwenye maandishi ya mkono mstari wa chini kabisa wa ukurasa, mpwa alipogeuza karatasi akaruka. Na "wagawane sawa" ilikuwa inahusu shamba peke yake, maneno "shamba langu" yalikuwa kwenye sentensi ya juu yake, sentensi ikakatwa vibaya wakati wa kutaipu. Ningeweka ile 20 dada mtu angetoka mikono mitupu na Hamisi angepata mara mbili, na hakuna mtu angegundua kamwe maana wosia ungekuwa unasomeka vizuri mno.

Wengine huniuliza, kwani ukiacha 90 hivohivo si itajulikana tu? Itajulikana ndio, ila kwa kuchelewa. Kwa kawaida fungu ambalo halikupewa mtu linaangukia kwenye kifungu cha mabaki ya mali kama kipo, na kama hakipo linagawanywa kwa kanuni za mtu aliyekufa bila wosia, sasa hapo kila nchi na sheria zake, na dini pia inaweza kuingia. Kwa vyovyote siyo mzee tena anayeamua. Kinyume chake nacho kipo, mtu anaandika mke nusu, mwana theluthi, binti robo, anaona yanasikika vizuri. Yageuze yote yawe sehemu za 12, ni 6, 4 na 3, jumla 13. Kipande kimoja hakipo. Je, wote wapunguziwe kidogo kidogo, au mke achukue nusu yake kwanza afu theluthi na robo zihesabiwe kwenye kinachobaki? Ni matokeo tofauti kabisa, na we mkaguzi huna haki ya kuchagua.

Mali nilikuta vitu viwili. Kifungu cha 4 kinampa mke "nyumba yangu ya ghorofa", cha 8 kinampa Zuhura "nyumba iliyopo kiwanja namba 127". Nyumba moja imepewa watu wawili au ni nyumba mbili? Huwezi kujua kwa kukodoa macho kwenye rasimu, lazima uone hati. Niliomba nakala za hati zote, mtu mmoja akasoma namba kwa sauti tarakimu moja moja, mwingine akafuata kwenye rasimu kwa kidole. Nyumba zilikuwa mbili kweli, ila ya Zuhura hati yake ilisema 172. Hata hapo sikubadilisha, nilinukuu zote mbili nikauliza ipi ndiyo, manake mtu anaweza kuwa na viwanja vyote viwili. Na wakati hati iko mkononi angalia jina la mmiliki pia. Ya ghorofa ilikuwa na majina mawili, mzee na mkewe, na umiliki wa pamoja wa aina fulani unamfanya aliyebaki hai achukue chote bila kujali wosia unasema nini. Hilo siyo la kwangu kuamua, niliandika tu "hati ina majina mawili, wakili aangalie."

Kuna vitu sivihoji kabisa. Kwamba mtoto mmoja amepata kidogo, kwamba karakana imeenda kwa mtoto wa kaka, hayo siyo makosa ya tahajia. Kama maneno yako wazi na yanakubaliana na vifungu vingine, yanapita hata kama yananiuma.

Majibu yakishaingizwa na mwandishi wa wosia usiangalie tu palipobadilika, printi nakala mpya uanze upya mara tatu, ile ya zamani uiweke na karatasi ya maswali kwenye faili. Kwenye kesi hii dada mtu alipoingizwa kifungu cha 6 lile jina nikawa nimeshaliandika kwenye karatasi yangu tayari, lilikuwa ukurasa wa mwisho kama shahidi wa pili. Sheria za nchi nyingi zinamnyima shahidi alichoachiwa kwenye wosia anaoushuhudia, kwa hiyo likazaliwa swali lingine, na mzee akatafuta jirani wa kushuhudia. Afu ukishasainiwa kalamu inawekwa chini, hata koma huiongezi, ukiona kosa baada ya hapo unampelekea wakili aandae nyongeza au wosia mpya, nao usainiwe mbele ya mashahidi kama ule wa kwanza.