Pongezi zinasomeka kama kujikomba

"Nimeandika kwenye jarida la wafanyakazi 'tunamsifia sana meneja wetu kwa uongozi wake uliotukuka', wenzangu wanacheka eti najikomba. Nimekosea wapi?"

Mambo vipi mkuu. Anza na kitenzi. Kupongeza kunadai tukio, yaani mtu kafanya kitu na unakitaja. Kusifu ni kutaja ubora wa mtu au kazi yake, ila kusifia, hasa kumsifia bosi, kwa masikio ya wengi tayari kunanukia kupamba. Na hiyo "uliotukuka" ni ya hotuba bwana, ofisini haivaliki.

Mimi nilipokuwa nahariri jarida letu nilikuwa natoa jina naweka la mtu mwingine, sentensi ikikaa vilevile basi hicho ni kilemba cha ukoka. Yako inamkaa meneja yeyote. Jaribu hivi: "Tunampongeza meneja wetu kwa kukaa na watu wa stoo siku 3 mpaka hesabu zikalingana." Hapo hacheki mtu, maana watu wa stoo walikuwepo na wanajua.

"Heko" na "kongole" ni kama makofi, zinafaa kwenye kichwa cha habari, ila ukizirudia kila aya inakuwa kelele tu.