Theluthi, theluthi, theluthi: matriki iliyosomwa kwa upande usio wake

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina swali la mnyororo wa Markov kuhusu bajaji zinazohama kila saa kati ya vijiwe vitatu: Stendi, Sokoni na Hospitali. Tunatakiwa kutafuta sehemu ya bajaji itakayokuwa kwenye kila kijiwe mgawanyo ukishatulia. Matriki nimeipiga picha kwenye kitini cha mwenzangu, na namba ya chini kushoto imefifia. Nikiisoma 0.7 napata sifuri tupu, nikiisoma 0.1 napata 1/3, 1/3, 1/3. Majibu ya nyuma yanasema 0.4, 0.4, 0.2. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Namba ni 0.1, na hesabu yako ya theluthi haina kosa la kujumlisha wala la kutoa. Umeisoma matriki kwa mistari ilhali imeandikwa kwa safu. Picha yako inasomeka hivi:

```
0.6  0.3  0.2
0.3  0.5  0.4
0.1  0.2  0.4
```

Kabla hujaandika mlinganyo wowote, jumlisha. Bajaji iliyopo Stendi saa hii, saa ijayo lazima iwe kwenye kijiwe kimojawapo kati ya vitatu, kwa hiyo uwezekano wake wote ukijumlishwa unatoa 1 kamili. Jumlisha mistari inayolala: 1.1, kisha 1.2, kisha 0.7. Haiwezekani. Jumlisha safu zinazosimama: 1, 1, 1. Basi kila safu ni kijiwe ambacho bajaji inatoka, na kila mstari ni kijiwe inakokwenda. Vitabu vingi vya uwezekano huweka "kutoka" kwenye mistari, ndiyo maana mkono wako ulikwenda huko wenyewe, lakini vya aljebra ya mstari mara nyingi hugeuza. Majina ya vijiwe yangekuambia mara moja. Bahati mbaya picha imekatwa juu na kushoto, palepale yanapokaa.

Jumla hiyohiyo inakupa namba iliyofifia. Safu ya kwanza ina 0.6 na 0.3, imebaki 0.1, ungeweka 0.7 safu ingefika 1.6. Moja yenye kikofia na saba huchanganywa sana kwenye picha ya simu, hasa mwanga ukirudi kutoka kwenye karatasi. Ila njia hii inaokoa namba moja tu kwa kila safu. Zikififia mbili kwenye safu moja utajua jumla yake, hutajua kila moja ni ngapi, na hapo dawa ni kuomba picha nyingine.

Sasa hizo theluthi, maana zina siri yake. Ulitumia πP = π, na mlinganyo wake wa kwanza hukusanya namba za safu ya kwanza:

```
0.6x + 0.3y + 0.1z = x
```

Weka x, y na z ziwe sawa. Upande wa kushoto unakuwa x mara (0.6 + 0.3 + 0.1), yaani x. Mlinganyo umetimia, na wa pili na wa tatu vilevile, kwa sababu kila safu inajumlika kuwa 1. Wala si ajabu ya matriki hii: matriki yoyote ambayo safu zake zinatoa 1, ukiilazimisha kwenye πP = π, itakubali mgawanyo wa sawa kwa sawa. Hali nne utapata robo robo, hali tano 0.2 kila moja. Kwa hiyo ukiona jibu limegawanyika sawasawa, rudi ukajumlishe mistari. Ikiwa mistari na safu zote zinatoa 1, jibu la sawa kwa sawa ni halali, na upande uliosoma haubadilishi kitu. Ikiwa ni safu pekee, umeisoma kwa ubavu. Ulipoweka 0.7 ulivunja hata usawa huo, na milinganyo ikabaki na suluhisho moja tu, sifuri.

Kwa matriki iliyoandikwa kwa safu, mlinganyo sahihi ni Px = x. Ita sehemu ya Stendi a, ya Sokoni b, ya Hospitali c, kisha soma mstari kwa mstari:

```
a = 0.6a + 0.3b + 0.2c   →  4a = 3b + 2c
b = 0.3a + 0.5b + 0.4c   →  5b = 3a + 4c
c = 0.1a + 0.2b + 0.4c   →  6c = a + 2b
```

Wa tatu ndio mwepesi: a = 6c − 2b. Ipeleke kwenye wa kwanza: 24c − 8b = 3b + 2c, yaani 22c = 11b, hivyo b = 2c. Kisha a = 6c − 4c = 2c. Uwiano ni 2 : 2 : 1, na kwa kuwa jumla lazima iwe 1, unapata 0.4, 0.4 na 0.2. Mlinganyo wa pili hatukuuhitaji, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: mmoja kati ya mitatu hurudia habari za wenzake. Nafasi yake inachukuliwa na a + b + c = 1. Anayesahau huu wa mwisho huishia na uwiano tu, au huzunguka mpaka apate 0 = 0 akadhani amekosea.

Kwenye kompyuta ni hivyohivyo, mstari wa mwisho unabadilishwa kuwa moja tupu:

```python
import numpy as np
P = np.array([[0.6,0.3,0.2],[0.3,0.5,0.4],[0.1,0.2,0.4]])
print(P.sum(axis=0))   # lazima 1 1 1
A = P - np.eye(3)
A[2] = 1
print(np.linalg.solve(A, [0,0,1]))
```

Unaweza pia kuhakiki kwa kutembea nayo. Anza na bajaji zote Stendi: (1, 0, 0). Baada ya saa moja ni (0.6, 0.3, 0.1), baada ya mbili (0.47, 0.37, 0.16), baada ya tatu (0.425, 0.39, 0.185). Saa ya nne Stendi ina 0.409. Anza na zote Hospitali, utafika palepale. Uhakika huo unatokana na kwamba hakuna sifuri ndani ya matriki hii. Mnyororo wa vijiwe viwili ambao bajaji lazima ihame kila saa una jibu la 0.5 na 0.5 kwenye karatasi, lakini ukiutembeza kutoka (1, 0) utaruka (0, 1), (1, 0), (0, 1) bila kutulia. Hapo 0.5 ni sehemu ya saa ambazo bajaji inakaa kila kijiwe, si mahali itakapotulia.

Ukitaka zoezi la kupima mkono, chukua la Markov mwenyewe la 1913. Alihesabu herufi 20,000 za shairi refu la Pushkin: baada ya irabu, uwezekano wa irabu nyingine ulikuwa 0.128, baada ya konsonanti, 0.663. Mlinganyo ni p = 0.128p + 0.663(1 − p), na unatoa takriban 0.432. Irabu alizokuwa amezihesabu moja kwa moja zilikuwa 8,638.